Pumzi Kwanza, Damu Baadaye

Mkazi wa Dar es Salaam anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa pili yuko Horombo, mita 3,720. Kama hakuongeza siku ya mapumziko, usiku wa tatu unamkuta Kibo, mita 4,720, na hapo halali sana, kwa sababu ikikaribia saa sita usiku anaamshwa kuanza safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Siku zote hizo miguu ndiyo inayolalamika. Lakini kazi kubwa inafanyika kwingine: shingoni, kwenye figo, ndani ya mifupa na katika damu yenyewe.

Wapandaji husema kule juu oksijeni imepungua. Kwa hesabu ya asilimia, haijapungua hata kidogo. Katika kila sehemu mia za hewa, oksijeni ni sehemu 21, iwe Kivukoni au kileleni Uhuru. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa. Hewa ya pwani imelaliwa na hewa yote iliyo juu yake, kwa hiyo imeshonana. Ya mlimani imelaliwa na kidogo tu, kwa hiyo imetawanyika. Kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile ambacho wauguzi hukitumia kwa presha ya damu, hewa ya pwani ina kanieneo ya 760. Kibo ni karibu 435, na kileleni karibu 375, yaani nusu ya ile ya pwani. Oksijeni huingia kwenye damu kwa kusukumwa na kanieneo hiyo tu. Mapafu hayana njia nyingine ya kuivuta.

Hesabu ya kinachotokea mapafuni si ngumu. Hewa inapopita puani na kooni hupata joto na unyevu, na mvuke huo peke yake huchukua milimita 47. Ikifika kwenye vifuko vidogo vya mapafu hukuta kabonidayoksaidi inayotoka kwenye damu, nayo ina nafasi yake. Mtu aliyetulia Dar es Salaam hubaki na oksijeni ya milimita 100 hivi ndani ya vifuko hivyo, na damu yake hutoka mapafuni ikiwa imejaa oksijeni kwa asilimia 97 au zaidi. Mtu huyo huyo akifika Kibo na kuendelea kupumua kama alivyopumua nyumbani, oksijeni ya vifukoni ingeshuka hadi milimita 31 hivi, na damu ingebeba kidogo tu zaidi ya nusu ya mzigo wake. Hali hiyo ingemwangusha.

Haanguki, kwa sababu hapumui tena kama alivyopumua nyumbani. Akiongeza upumuaji kwa karibu nusu, anatoa kabonidayoksaidi nyingi zaidi. Ile inayobaki vifukoni inashuka kutoka milimita 40 hadi 28, na nafasi inayoachwa inajazwa na oksijeni, ambayo inapanda hadi 46 hivi. Damu sasa inajaa kwa asilimia 80 au karibu na hapo. Hizo ndizo namba ambazo kifaa kidogo cha kubana kidoleni huzionyesha mara nyingi katika mwinuko huo. Hospitalini Muhimbili namba kama hiyo ingewakimbiza wauguzi; Kibo, kwa mtu anayeongea, anayekula na anayetembea bila kuyumba, ni ya kawaida.

Mlinzi wa shingoni

Anayeamuru pumzi ziongezwe ni kiungo kidogo sana, kidogo kuliko punje ya mchele. Kiko kila upande wa shingo, pale ateri kubwa inayopeleka damu kichwani inapogawanyika. Kinaonja damu inayopita, na oksijeni ikishuka chini ya milimita 60 hivi hupeleka ujumbe kwenye shina la ubongo: pumua zaidi. Ujumbe huo hufika ndani ya sekunde. Moyo nao huongeza mapigo, ili damu yenye oksijeni kidogo ipite kwenye misuli mara nyingi zaidi kwa dakika.

Lakini kuna walinzi wengine, ndani ya ubongo, ambao hawaangalii oksijeni. Wao wanafuatilia kabonidayoksaidi na asidi inayotokana nayo. Mtu anayepumua kwa nguvu huondoa kabonidayoksaidi nyingi, damu yake hupoteza asidi na kuelekea kuwa alkali, na walinzi hawa hutafsiri hali hiyo kwamba pumzi zimezidi. Kwa hiyo katika siku ya kwanza mpandaji ni kama gari ambalo dereva amekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Shingo inataka pumzi zaidi, ubongo unazizuia, na matokeo yake ni upumuaji ulio juu ya kawaida lakini chini ya ule unaohitajika.

Mvutano huo husikika usiku. Katika vibanda vya Horombo na Kibo, aliye macho humsikia jirani yake akipumua haraka na kwa kina, kisha pumzi zinafifia, kisha kimya cha sekunde kumi au zaidi, kisha mvuto mmoja mkubwa wa hewa na mzunguko unaanza upya. Mara nyingine mwenyewe huamka akihisi amekabwa. Kinachotokea ni kwamba pumzi za haraka zimeondoa kabonidayoksaidi kiasi cha kuzima hamu ya kupumua. Wakati wa kimya oksijeni inashuka, mlinzi wa shingoni anashtuka, na mwili unavuta hewa tena. Kwa mgeni wa mlima jambo hilo ni la kawaida, ingawa linaharibu usingizi.

Wanaolegeza breki ni figo. Kazi yao ni kuchuja alkali ya ziada, iitwayo bikaboneti, na kuitoa kwenye mkojo. Asidi ya damu ikirudi karibu na mahali pake, ubongo hauzuii tena, na upumuaji unaongezeka siku hadi siku ingawa mtu hajapanda hata hatua moja zaidi. Tofauti na mlinzi wa shingoni, figo haziendi kwa sekunde. Huchukua siku kadhaa. Kucheleweshwa huko ndiko chimbuko la karibu kila kanuni inayofuatwa na waongozaji wa mlima.

Dawa ya asetazolamidi, ambayo wapandaji wengi huijua kwa jina la kibiashara la Dayamoksi, hufanya kazi hapo hapo. Inaziwezesha figo kumwaga bikaboneti mapema, kwa hiyo mtu anafika mahali pa siku ya tatu akiwa bado katika siku ya kwanza au ya pili. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Kukojoa mara kwa mara na kuhisi vidole vikichonyota ni dalili kwamba inafanya kazi. Haimpi mtu oksijeni wala haimzuii kuumwa akilazimisha mwendo, na mwenye mzio wa dawa za salfa anapaswa kuzungumza na daktari kwanza.

Kwa nini usiku una uzito kuliko mchana

Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba mtu akishapita mita 3,000, asiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na unaofuata, na kila baada ya siku tatu au nne alale tena pale pale. Kinachohesabiwa ni mahali anapolala, kwa sababu usingizini upumuaji hupungua na oksijeni ya damu hushuka kuliko mchana, na kwa saa nyingi mfululizo. Kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000 kwa mkupuo. Ndiyo maana siku ya ziada Horombo, ambayo wengine huiona kama gharama tu, hubadilisha hali ya wengi: figo zinapata saa nyingine 24 za kazi.

Njia ya Machame inatumia ujanja mwingine, ule ambao waongozaji huusema kwa maneno manne: panda juu, lala chini. Mchana wapandaji hupitishwa kwenye Mnara wa Lava, karibu mita 4,600, kisha hushushwa kulala Barranco, karibu mita 3,900. Saa chache kule juu zinatosha kumshtua mlinzi wa shingoni na kuziamsha figo, na usiku unapita mahali penye nafuu. Hata "pole pole" inayosikika njiani kutwa ina sababu yake kwenye damu. Mtu anapokazana, misuli hunyonya oksijeni nyingi zaidi, na damu hupita mapafuni kwa kasi bila muda wa kutosha wa kujaa. Kipimo cha kidoleni kilichosoma 80 ameketi kinaweza kusoma chini ya 70 akipanda kwa haraka.

Mwili ukizidiwa, dalili ya kwanza kwa kawaida ni kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na kizunguzungu. Mwenye dalili hizo hapandi zaidi hadi zimwishe. Mambo mawili hayangojwi. La kwanza ni kuyumba: mtu huambiwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, na asipoweza, ubongo wake unaelekea kuvimba. La pili ni kukosa pumzi hata akiwa ameketi, pamoja na kikohozi kinachoanza kikavu na baadaye kuleta povu lenye rangi ya waridi. Hapo maji yameingia mapafuni. Tiba ya yote mawili ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku.

Damu huanza kwa kupunguza maji

Mwaka 1890 mwanafiziolojia Mfaransa François-Gilbert Viault alisafiri kutoka Lima hadi migodi ya Morococha, kwenye milima ya Andes nchini Peru, mahali palipo juu ya mita 4,500. Alihesabu chembe nyekundu katika damu yake mwenyewe. Pwani alikuwa na takriban milioni tano kwa kila milimita ya ujazo. Baada ya majuma matatu hivi alihesabu karibu milioni nane. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba damu hubadilika kwa kuishi juu.

Leo inajulikana kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la haraka namna hiyo si chembe mpya. Katika siku za kwanza mwili huondoa maji, na sehemu ya damu iliyo maji, yaani plazma, hupungua kwa asilimia 10 hadi 20. Chembe ni zile zile, ila zimekaribiana. Kila kijiko cha damu sasa kina himoglobini zaidi, nayo himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni. Mpandaji wa Kilimanjaro anayeamka kukojoa mara tatu usiku anashuhudia hatua hiyo, na kwa safari ya siku sita au saba, hiyo ndiyo sehemu kubwa ya msaada atakaoupata kutoka kwenye damu.

Chembe mpya zina safari ndefu zaidi. Figo zikihisi upungufu wa oksijeni hutoa homoni ya erithropoetini ndani ya saa chache, na kiwango chake hufika kilele siku ya kwanza au ya pili. Homoni hiyo huuambia uboho, ule ulio ndani ya mifupa, uongeze chembe nyekundu. Chembe changa huanza kuonekana kwenye damu baada ya siku kadhaa, lakini ongezeko la maana linahitaji majuma. Wakimbiaji kutoka Ulaya wanaokuja kufanya mazoezi Iten, Kenya, mita 2,400, hukaa majuma matatu au manne kwa sababu hiyo. Atakayekaa siku tano atakuwa amekula ugali mzuri na kurudi na damu ile ile.

Jinsi figo zinavyojua kwamba oksijeni imepungua ni jambo lililowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2019. Ndani ya seli kuna protini inayotengenezwa wakati wote na kuharibiwa wakati wote, na anayeiwekea alama ya kuharibiwa ni kimeng'enya kinachohitaji oksijeni. Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi, protini inarundikana, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi, ikiwemo ile ya erithropoetini.

Damu inapozidi

Kama chembe zaidi maana yake ni oksijeni zaidi, ingetarajiwa kwamba walioishi juu kwa vizazi vingi wawe na damu nzito kuliko wote. Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini hivyo, kwa kuwa watu waliowachunguza zaidi walikuwa wa Andes, na hao kweli wana himoglobini nyingi.

Mwaka 1925 daktari Carlos Monge wa Lima alieleza hali ya mgonjwa kutoka Cerro de Pasco, mji wa migodi ulio zaidi ya mita 4,300. Uso na midomo vilikuwa vimebadilika rangi, kichwa kilimuuma, na chembe zake nyekundu zilikuwa nyingi kupita kiasi. Aliposhushwa pwani, hali ilitulia. Ugonjwa huo sasa unaitwa kwa jina la Monge. Kwa vipimo vya sasa, mwanamume mkazi wa milimani mwenye himoglobini ya gramu 21 au zaidi kwa kila desilita, au mwanamke mwenye 19, huhesabiwa kuwa amevuka mpaka. Wanaume wengi wa pwani wana kati ya 14 na 17.

Chembe zikizidi kiasi hicho, damu inakuwa nzito na inapita kwa shida kwenye mishipa myembamba. Moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, hasa upande wa kulia unaopeleka damu mapafuni, na hatari ya damu kuganda inapanda. Tishu zilizokuwa na njaa ya oksijeni zinapata hata kidogo zaidi, figo zinahisi upungufu, na agizo la chembe zaidi linatolewa tena. Pumzi nazo zina mchango. Wengi wa wagonjwa hao hupumua kidogo kuliko majirani zao wazima, kana kwamba mlinzi wa shingoni amechoka kupiga kelele baada ya miaka mingi. Tiba ya uhakika ni kuhama, jambo lisilowezekana kwa kila mchimba madini. Wengine hutolewa damu kidogo ili kupata nafuu ya muda.

Tibeti na Simien

Picha ilibadilika wachunguzi walipokwenda kwenye nyanda za Tibeti. Cynthia Beall, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake walipima wakazi wa vijiji vilivyo karibu mita 4,000 na kukuta himoglobini inayokaribia ya watu wa pwani. Oksijeni kwenye damu yao ilikuwa chini, wakati mwingine chini kuliko ya watu wa Andes, lakini watu walilima, walizaa na kuzeeka vizuri. Katika pumzi, Mtibeti aliyetulia huvuta hewa karibu mara moja na nusu ya ile anayovuta Mwaimara wa Andes katika mwinuko ule ule. Mishipa yake ya damu nayo imepanuka zaidi, kwa hiyo damu nyepesi inapita kwa wingi. Asichobeba katika kila kijiko cha damu anakifidia kwa vijiko vingi kwa dakika.

Mwaka 2010 vikundi kadhaa vya watafiti vilieleza sababu iliyo kwenye jeni. Watibeti wengi wana aina ya pekee ya jeni iitwayo EPAS1, ambayo ni sehemu ya ule mtambo uliowaletea wanasayansi Nobeli. Aina yao inapunguza makali ya agizo la kutengeneza chembe. Mwaka 2014 ilibainika kwamba kipande hicho cha urithi kilitokana na Wadenisova, jamii ya binadamu wa kale iliyotoweka, baada ya mababu kuchanganya nao damu.

Afrika ina kisa chake, tena cha pekee. Mwaka 2002 Beall na wenzake walichapisha vipimo vya Waamhara wanaoishi kwenye milima ya Simien, Ethiopia, mita 3,530. Himoglobini ya wanaume ilikuwa wastani wa gramu 15.9, na ya wanawake 15.0. Hiyo ilifanana na ya Watibeti. Lakini damu yao ilikuwa imejaa oksijeni kwa wastani wa asilimia 95.3, namba ambayo haikutarajiwa kwa mtu yeyote katika mwinuko huo. Si wazito wa damu kama wa Andes, wala si wenye upungufu wa oksijeni kama wa Tibeti.

Ndani ya Ethiopia yenyewe kuna majirani wa kulinganisha nao. Waoromo walihamia kwenye vilele vya Bale takriban miaka 500 iliyopita, muda mfupi kwa hesabu ya urithi. Walipopimwa, himoglobini yao ilikuwa juu kuliko ya Waamhara na oksijeni yao chini zaidi, karibu na hali ya mgeni aliyekaa mlimani muda mrefu. Watu wa kale walifika Bale zamani zaidi: katika pango la Fincha Habera, karibu mita 3,470, wanaakiolojia wamekuta mabaki ya makazi ya zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Lakini Waoromo wa leo ni wageni wa juzi tu katika mwinuko huo, na damu yao inaonyesha hivyo.

Tofauti hizi zina athari kliniki. Shirika la Afya Duniani hupandisha kiwango cha kupimia upungufu wa damu kadiri mwinuko unavyopanda, kwa kudhani kwamba kila mkazi wa milimani anapaswa kuwa na himoglobini zaidi. Mwanamke asiye mjamzito wa pwani huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 12. Kwenye mita 3,500 mpaka huo husogezwa juu kwa zaidi ya gramu 2. Mwanamke wa Tibeti mwenye gramu 13.5, anayepanda mteremko na mzigo mgongoni, ataandikiwa vidonge vya madini ya chuma ambavyo huenda havihitaji. Naye mwanamke wa Andes mwenye gramu 14.5, ambaye majirani zake wana 16 au zaidi, anaweza kurudishwa nyumbani kwamba ni mzima wakati chuma mwilini mwake kimekwisha. Ndiyo maana watafiti wa milimani wanashauri chuma chenyewe kipimwe, kwa kuangalia protini ya feritini inayokihifadhi, badala ya kutegemea himoglobini peke yake.